Nimefanya FFT ya pulsi ya mstatili, napata mstari mmoja tu. Umbo la sinc liko wapi?

Nuru_B
Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa tatu, somo la ishara na mifumo. Darasani tumeambiwa pulsi ya mstatili ukiipeleka upande wa frikwensi inatoa umbo la `sinc`: kilima kikubwa katikati, halafu vilima vidogo vinavyopungua huku na huku. Kwenye karatasi naipata vizuri tu, A·T·sin(πfT)/(πfT). Kwenye kompyuta inakataa. Pulsi yangu ni ya 1 ms, nimechukua sampuli 50000 kwa sekunde, kwa hiyo ni sampuli 50:

```python
import numpy as np
fs = 50000
x = np.ones(50)
X = np.abs(np.fft.rfft(x))
```

Matokeo ni 50 kwenye namba ya kwanza, na zote zilizobaki ni sifuri, au vitu vya 1e-15 hivi. Hakuna kilima, hakuna cha pembeni. Tumekaa kikundi kizima jioni nzima, hatuelewi. Naomba msaada.

Umeme_Jua
Dada, hapo umekosea frikwensi. Pulsi ya 1 ms ni 1 kHz, kwa hiyo lazima uone mstari kwenye 1 kHz, halafu 2, 3, 4 na kuendelea. Mimi natengeneza inveta, PWM yangu ya 1 kHz nikiiangalia kwenye osiloskopu naona mistari hiyo kila siku. Wewe kwenye 1 kHz unaona sifuri, maana yake kuna kitu hakijakaa sawa.

Kibo88
Ongeza sifuri nyuma ya hizo sampuli 50. Weka sifuri 2450 ili jumla iwe 2500. FFT inapata usahihi mkubwa zaidi na `sinc` inatokea yenyewe. Tatizo lako ni usahihi mdogo wa frikwensi, basi.

Mzee wa Antena
Nuru, kompyuta yako haijakosea. Imekupa jibu sahihi kwenye sehemu mbaya kuliko zote.

Sampuli 50 kwa kasi ya 50000 zinaipa FFT frikwensi za kila baada ya 1000 Hz: 0, 1000, 2000, 3000. Sasa rudi kwenye fomula yako. T ni 1 ms, na sin(πfT) inakuwa sifuri kwenye 1000, 2000, 3000. Kwa hiyo kila mahali FFT ilipochungulia, ukiacha pale sifuri penyewe, imekuta `sinc` iko chini kabisa. Vilima vipo, ila vyote vimekaa katikati ya sehemu ulizopima.

Kwa nini iwe sifuri hasa kwenye 1000 Hz? Hapa usikimbilie fomula. Kupata thamani ya frikwensi fulani unachukua wimbi la frikwensi hiyo, unalizidisha na pulsi, unajumlisha. Pulsi ni 1 ndani na sifuri nje, kwa hiyo unajumlisha kile kipande cha wimbi kilichoingia ndani ya pulsi, basi. Ndani ya 1 ms wimbi la 1000 Hz linamaliza mzunguko mmoja kamili: nusu iko juu ya mstari, nusu iko chini, zinafutana. La 2000 Hz linamaliza mizunguko miwili, nayo inafutana. La 500 Hz haliwezi kufutana. Ukiiweka pulsi katikati ya sifuri, kosaini ya 500 Hz inakaa juu ya mstari muda wote wa pulsi, na jumla yake inabaki karibu asilimia 64 ya kilele. La 1500 Hz linamaliza mzunguko mmoja ukafutika, kinabaki nusu mzunguko kisichokuwa na mwenzake, na hicho ndicho kilima cha kwanza cha pembeni. Kwenye 2500 Hz nacho ni nusu mzunguko kinabaki, lakini nusu mzunguko wa 2500 Hz ni mfupi zaidi, kwa hiyo kilima ni kidogo zaidi. Umbo lote la `sinc` ni hesabu ya masalia hayo.

Ushauri wa Kibo88 wa kuongeza sifuri ufuate, utaona vilima. Sababu aliyoitoa ndiyo ina kasoro, nitairudia.

Umeme_Jua, wewe unazungumzia mfululizo wa pulsi, Nuru ana pulsi moja tu. Nayo nitaijibu.

Nuru_B
Shikamoo Mzee. Hiyo ya mzunguko kufutana nimeielewa papo hapo, ahsante sana. Nimejaribu kuongeza sifuri na vilima vimetokea! Ila nimeiandika kwa njia yangu, pulsi ikae katikati:

```python
t = np.arange(-1250, 1250) / fs
x = np.zeros(2500)
x[np.abs(t) <= 0.0005] = 1
X = np.abs(np.fft.rfft(x))
f = np.fft.rfftfreq(2500, 1/fs)
```

Sasa frikwensi zinakuja kila baada ya 20 Hz. Lakini sifuri ya kwanza inaangukia kwenye 980 Hz badala ya 1000. Ya pili iko kwenye 1960. Je, hiyo ni kasoro ya FFT?

Kibo88
Hiyo ni kawaida. FFT ni makadirio tu, hatua zako ni za 20 Hz, kwa hiyo unaweza kukosea kwa hatua moja. Ongeza sifuri zaidi itasogea kwenye 1000.

Lulu wa Namba
Hapana Kibo. 1000 inagawanyika kwa 20 bila kubaki, kwa hiyo kuna sehemu ya kupimia pale pale kwenye 1000 Hz. Kama sifuri ingekuwa hapo ingeonekana. Na angalia, ya pili imekosea 40, mara mbili ya kosa la kwanza. Kitu kinachokua kwa uwiano namna hiyo hakitokani na hatua za FFT. Nuru, hebu andika `x.sum()` utuambie.

Nuru_B
Inasema 51.0.

Mzee wa Antena
Lulu ameshaipata. Ile alama ya `<=` imechukua ncha zote mbili, kuanzia namba -25 hadi 25, na hizo ni sampuli 51. Pulsi yako ina urefu wa 1.02 ms. Gawanya 50000 kwa 51 unapata 980.4 Hz. Sifuri iko pale inapotakiwa kuwa, kwa pulsi uliyoitengeneza kweli.

Fanya jambo moja kabla ya kurekebisha. Soma `X` kwenye 1000 Hz, utakuta 1, si 1 ya kukadiria. Sampuli 50 zimemaliza mzunguko na kufutana, ile ya 51 imebaki peke yake na thamani yake ni 1. Unaliona kosa lenyewe likiwa limeandikwa kwenye jibu.

Kurekebisha, jumuisha ncha moja na uache nyingine:

```python
x[(t >= -0.0005) & (t < 0.0005)] = 1
```

Na usiwe na wasiwasi kwamba pulsi sasa haijakaa katikati sawasawa. Kusogeza pulsi kwenye muda kunabadilisha fezi tu, na wewe umechukua `np.abs`, fezi imeshatupwa.

Nuru_B
Kweli kabisa, ilikuwa 1 kwenye 1000 Hz. Na baada ya kurekebisha sifuri imeenda 1000, 2000, 3000. Kilele 50, kilima cha kwanza cha pembeni karibu 11, kiko kati ya 1420 na 1440 hivi. Kwenye kitabu nilidhani kitakuwa 1500 kamili.

Lulu wa Namba
1500 ndipo sin inafika juu kabisa, lakini inagawanywa na f inayozidi kukua, kwa hiyo kilele kinavutwa kidogo kurudi nyuma, kinatua kwenye 1.43 kugawanya kwa T. Na 11 kwa 50 ni asilimia 22, yaani desibeli 13 chini ya kilele. Uwiano huo haubadiliki. Fupisha pulsi, irefushe, kilima cha kwanza kitabaki desibeli 13 chini.

Umeme_Jua
Bado sijajibiwa mimi. Kwangu 1 kHz ipo na inaonekana kwa macho.

Mzee wa Antena
Umeme_Jua, kwako kuna namba mbili na umezichanganya: kipindi, yaani muda kutoka mwanzo wa pulsi moja hadi mwanzo wa nyingine, na upana wa pulsi yenyewe. Kipindi chako ni 1 ms, na hicho ndicho kinachokupa mistari kila baada ya 1 kHz. Upana wa pulsi ndio unaoamua kila mstari uwe na kimo gani, na vimo hivyo vinafuata umbo lile lile la `sinc`. Weka PWM yako kwenye asilimia 25. Pulsi inakuwa ya 0.25 ms, na sifuri ya kwanza inakuwa 4 kHz. Angalia mstari wa nne.

Umeme_Jua
Nimeiwasha sasa hivi. Mstari wa 4 kHz haupo! Na wa 8 haupo. Kwenye asilimia 50 inakosekana ya 2, 4, 6. Miaka yote nimeona mistari hiyo inapotea nikijua ni tabia ya mosfeti. Ahsante Mzee.

Mzee wa Antena
Sasa narudi kwa Kibo88. Ulisema sifuri za nyongeza zinaongeza usahihi. Zinaongeza idadi ya sehemu za kusomea, mchoro unakuwa laini, lakini haziongezi uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana. Jaribu mwenyewe: chukua sauti mbili, 3000 Hz na 3300 Hz, zikate kwa 1 ms, kisha ongeza sifuri unazotaka, hata milioni. Halafu kata kwa 10 ms.

Kibo88
Nimejaribu. Kwa 1 ms ni kilima kimoja kinene, hata nikiweka sifuri laki moja. Kwa 10 ms viko viwili wazi kabisa. Sawa Mzee, hapo nakubali. Kwa hiyo kukata sauti kwa 1 ms ni kuizidisha na pulsi, na kila sauti inageuka kuwa `sinc` yenye upana wa pulsi hiyo. Basi kanuni ni rahisi: T kuzidisha upana wa bendi ni 1, daima. 1 ms inakupa 1 kHz, 0.1 ms inakupa 10 kHz.

Nuru_B
Nami nimejaza jedwali dogo kwa ajili ya ripoti. Sampuli 50: sifuri ya kwanza 1000 Hz, kilele 50. Sampuli 25: 2000 Hz, kilele 25. Sampuli 10: 5000 Hz, kilele 10. Sampuli 500: 100 Hz, kilele 500. Kila nikifupisha, kilima kinalala chini na kutanuka. Na sababu naiona sasa: pulsi ikiwa fupi, wimbi la polepole halipati muda wa kumaliza mzunguko, kwa hiyo halifutiki. Mpaka liwe la kasi zaidi ndipo limalize.

FundiBoti_Tanga
Samahani wakubwa, naomba niingilie, naona mnachozungumza kinanihusu. Nashughulika na mashine za kupima kina na kutafutia samaki kwenye boti. Kuna moja ya 200 kHz, ina sehemu ya kuchagua urefu wa pulsi, kutoka 1 ms hadi 0.1 ms. Mwenye boti analalamika samaki wa karibu na chini wanaonekana wameungana na sakafu ya bahari. Nimeiweka 0.1 ms, imeboreka kidogo lakini si kama kitabu cha mashine kinavyodai. Na kwenye maji marefu picha imefifia. Shida ni nini?

Mzee wa Antena
Fundi, karibu. Twende polepole, maana hapa ndipo hesabu ya Nuru inapoingia majini.

Sauti kwenye maji ya bahari inakwenda karibu mita 1500 kwa sekunde. Huko kwenu maji ni ya joto, inafika 1540 hivi, lakini tutumie 1500 hesabu iwe nyepesi. Pulsi ya 1 ms ina urefu wa mita 1.5 majini, na kwa kuwa inakwenda na kurudi, vitu viwili vikikaribiana chini ya sentimita 75 miangwi yao inaungana. Ukiweka 0.1 ms, inashuka hadi sentimita 7.5. Ndiyo maana kitabu kinadai hivyo.

Lakini pulsi ya 0.1 ms ya 200 kHz haikai tena kwenye 200 kHz peke yake. Kilima chake kikuu kinaanzia 190 hadi 210 kHz, na kila kitu kilichoko njiani lazima kikipitishe: transdusa, kisha filta ya risiva. Tuseme kimoja kati ya hivyo kinapitisha 4 kHz tu. Hapo kinakata sehemu kubwa ya kilima, na kinachotoka hakiwezi kuwa kifupi. Mwangwi unarefuka hadi karibu robo ya milisekunde, yaani sentimita 19 hivi. Wewe umechagua 0.1 kwenye kioo, lakini mashine haina nafasi ya kuibeba.

Na picha kufifia kwenye maji marefu ni suala jingine: kwa nguvu ile ile ya transmita, pulsi iliyofupishwa mara kumi inabeba nishati moja ya kumi. Umepoteza desibeli 10 kabla hata sauti haijaondoka chini ya boti.

FundiBoti_Tanga
Nimekuelewa Mzee. Nitajuaje kama ni transdusa au ni filta?

Mzee wa Antena
Kwanza hakikisha kwamba kikomo kipo. Tafuta maji mafupi, bahari ikiwa shwari, chini pawe pagumu. Weka osiloskopu kwenye risiva baada ya filta, halafu pima urefu wa mwangwi wa chini ukiwa kwenye 1 ms, 0.5, 0.2 na 0.1. Ukiona unafupika kila mara, hakuna tatizo. Ukiona umefika mahali umegoma kufupika, hapo ndipo bendi ilipokwisha.

Lulu wa Namba
Kibo, narudi kwenye ile "daima" yako, kwa sababu mashine mpya za Fundi ndizo zinazoivunja. Zile zilizoandikwa CHIRP zinatuma pulsi ndefu ambayo frikwensi inapanda ndani yake. Tuseme inatoka 190 hadi 210 kHz kwa muda wa 1 ms. T ni 1 ms, bendi ni 20 kHz, ukizidisha unapata 20. Risiva inaubana mwangwi hadi karibu 0.05 ms, na nishati inabaki ya pulsi ndefu. Kwa hiyo 1 ni ya pulsi iliyonyooka tu, yenye frikwensi moja ndani. Unaweza kwenda juu ya hapo upendavyo, ila kwenda chini sana ya hapo huwezi.

Kibo88
Sawa, kwa hiyo niseme ni kikomo cha chini. Na pulsi ya mstatili ndiyo iliyofika kwenye kikomo chenyewe?

Lulu wa Namba
Hapo ndipo panapogoma. Inategemea umepima upana kwa njia gani. Kwa 1 ms, ukipima kutoka sifuri ya kushoto hadi ya kulia, ni 2000 Hz. Ukipima upande mmoja, ni 1000. Ukipima pale nguvu inaposhuka nusu, huku na huku, ni 886 Hz. Na ukichukua ule upana wa kitakwimu wanaoutumia kwenye kanuni ya kutokuwa na uhakika, kwa pulsi ya mstatili haupatikani kabisa, hesabu inakwenda kwenye ukomo. Kingo zake zimekatwa wima, kwa hiyo vilima vya pembeni vinapungua polepole mno, na jumla haifungi. Kwa kipimo hicho mstatili ni wa mwisho darasani, na umbo la Gausi ndilo la kwanza.

Kibo88
Lakini karibu asilimia 90 ya nishati iko ndani ya kilima kikuu. Kwa kazi ya kweli hiyo inatosha, hizo za ukomo ni za kwenye karatasi.

Mzee wa Antena
Kibo, hiyo asilimia 10 iliyobaki ndiyo inayoingia kwenye chaneli ya jirani. Mtu anayetuma Morse huku kidude chake kinawasha na kuzima redio ghafla, anasikika kama kubofyabofya hadi mbali na frikwensi yake, na wenzake wanamlalamikia. Dawa ni kuzilegeza kingo, zipande na kushuka kwa milisekunde chache. Kilima kikuu kinatanuka kidogo, vya mbali vinashuka haraka. Kwa hiyo siwezi kusema ni za kwenye karatasi. Ila kwa Fundi, aliye peke yake baharini, mimi nisingesumbuka nazo.

Nuru_B
Sasa mimi kwenye ripoti niandike ipi? Swali linasema tu "tafuta upana wa bendi wa pulsi". Halisemi upana upi.

Kibo88
Andika 1/T. Kila mtu anaielewa.

Lulu wa Namba
Mimi ningeandika 2/T, kutoka sifuri hadi sifuri, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonekana kwenye mchoro wako, na ningesema wazi kwamba nimepima hivyo.

Mzee wa Antena
Kama pulsi yako haina wimbi la kuibeba, yaani ni pulsi tupu kama ya Nuru, upande wa frikwensi hasi ni kivuli cha chanya, na 1/T inatosha. Ukiipandisha kwenye 200 kHz kama ya Fundi, pande zote mbili zinakuwa frikwensi za kweli na 2/T ndiyo unayoilipia. Nuru, muulize mhadhiri wako anamaanisha ipi.

Nuru_B
Nitamuuliza Jumatatu. Ahsanteni sana wote.

FundiBoti_Tanga
Wakubwa, nimerudi. Nimepima leo asubuhi, chini pagumu, mita sita hivi. Kwenye 1 ms mwangwi ni 1 ms na kidogo. Kwenye 0.5 umefupika. Kwenye 0.2 umefika karibu 0.3. Kwenye 0.1 umebaki pale pale karibu 0.3, ila umekuwa mdogo kwa kimo.

Mzee wa Antena
Safi. Bendi yako ni 3 hadi 4 kHz basi, na 0.1 ms kwenye mashine hiyo inakupunguzia nishati bila kukupa kitu. Mrudishe mwenye boti kwenye 0.2.

Sasa kutafuta mkosaji: chomoa transdusa, ingiza kwenye risiva pulsi ya 0.1 ms ya 200 kHz kutoka kwenye jenereta ya ishara, kwa kimo kidogo sana, milivolti chache, usije ukaunguza mlango wa risiva. Ikitoka baada ya filta ikiwa bado 0.1, basi transdusa ndiyo inayobana. Ikitoka 0.3, ni filta.

FundiBoti_Tanga
Jenereta sina, ila kuna kijana wa redio hapa jirani anayo. Nikiipata nitaleta majibu.